Swali la Msichana Mwenye Kiu

Wanafunzi wa chuo cha uganga walimwita Mama Kitanzi, na jina likamkaa kama kiatu cha siku nyingi. Lilitokana na mchezo wake wa uani. Kila ukifika wakati wa somo la figo, aliwatoa darasani, akainama na chaki yake na kuchora kitanzi kikubwa sakafuni, mkono mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, halafu akawapanga wanafunzi juu yake kama watoto wanaocheza gari moshi.

Wanaoshuka aliwapa ndoo za maji na konzi za chumvi. "Nyie ruhusa yenu ni kumwaga maji tu nje ya mstari," aliwaambia. "Chumvi ibaki nayo. Ukifika chini kwenye kona, uwe umekolea hadi ulimi unawasha." Wanaopanda aliwaambia kinyume chake: "Nyie rusheni chumvi nje, kwa nguvu, maana hiyo ni kazi na inakula chakula. Lakini tone la maji lisiwatoke. Ukuta wenu haupitishi maji."

"Sasa Mama, chumvi hiyo tunamrushia nani?" Kila mwaka hakukosa mmoja wa kuuliza.

"Mnawarushia wenzenu wanaoshuka. Chumvi mnayoitupa nje ndiyo inayowavuta maji wale. Wakishakolea, wanakuja kwenu na chumvi nyingi zaidi, na nyinyi mnatupa zaidi. Mmoja anashuka, mmoja anapanda, kila mmoja anamzidishia mwenzake. Ndio huo mkondo kinzani. Mngekuwa mnakwenda upande mmoja wote, msingefika mbali."

Mwisho alichora mfereji mmoja ulionyooka, ukishuka tena katikati ya ile chumvi yote iliyomwagwa. Huo ulikuwa mrija wa kukusanyia mkojo. Juu yake alimweka mwanafunzi na funguo kiunoni. Huyo alikuwa homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Akiwapo, milango ya maji kwenye mrija inafunguka, maji yanavutwa na chumvi na kurudi mwilini, na mkojo unatoka kidogo, umekolea. Kisha alimwambia mwenye funguo, "Wewe lala."

Mwenye funguo alilala, watu wakacheka, maji yote yakapita moja kwa moja hadi kwenye mtaro wa nje. Hapo Mama Kitanzi hakucheka. Alisimama akiyatazama yale maji mpaka yaishe, na wanafunzi wakafikiri ni ukali wa ualimu tu.

Haukuwa ukali wa ualimu. Alikuwa na mdogo wake, kitindamimba wao, mtoto mwenye domo na mwenye kupenda kuimba akiosha vyombo. Siku moja akitoka shule aligongwa na baiskeli, akaangukia kisogo. Alilazwa. Kichwa kilipoanza kupona, ikaja kiu. Haikuwa kiu ya watu. Alimaliza jagi la maji na kuomba jingine, alikunywa maji ya kuoshea mikono, na mara moja muuguzi alimkuta ameinamia chombo cha maua cha mgonjwa wa pili. Na kila alichokunywa alikitoa, mkojo mweupe kama maji ya bombani, kutwa na usiku kucha.

Daktari wa wodi wakati huo alikuwa kijana, ndio kwanza ametoka masomoni, koti limenyooka kuliko shati. Alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akatabasamu. "Ni tabia, mama," alisema. "Anataka ukae naye. Hana sukari, nimepima. Mfungieni maji, apewe kikombe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Mkimwonea huruma mtamharibu. Itaisha akijizuia." Akaagiza damu ipimwe, kisha akaenda zake mapumziko ya mwisho wa wiki.

Mama yao alikuwa mtu wa kutii. Daktari amesema. Aliketi kando ya kitanda, kikombe kikiwa mapajani mwake, kimefunikwa kwa kiganja. Mtoto aliomba. Aliomba kwa heshima, akaomba kwa hasira, akaomba kwa jina la Mungu, halafu akawa anaomba bila sauti, midomo tu. Jumapili mhudumu wa maabara alipita mlangoni akimwambia muuguzi namba, "Sodiamu mia hamsini na nne," muuguzi akasema daktari hayupo. Dada mtu alikuwa amesimama pale na kifurushi cha nguo safi. Aliisikia namba hiyo bila kujua maana yake. Jioni mtoto alianza kushikwa na degedege, na kabla ya alfajiri alikuwa amefariki.

Waliokuja msibani walinong'ona kwamba mtoto alikuwa na wazimu wa maji. Jina hilo lilimfuata hadi kaburini.

Miaka ikapita. Dada mtu akaingia chuo cha uganga, na siku moja mwalimu akawafundisha ugonjwa unaoitwa insipidasi. Si kisukari cha sukari, mwalimu alisema, ingawa wagonjwa wa yote mawili hukojoa sana. Huyu mkojo wake ni maji matupu. Kitanzi chake kinafanya kazi, chumvi ipo, ila mwenye funguo hayupo, au yupo lakini figo haimsikii. Mgonjwa anaepuka hatari kwa kunywa tu, na ukimnyima maji damu yake inakolea. Mwalimu akaandika ubaoni kiwango cha kawaida cha sodiamu, yaani chumvi ya damuni, akamalizia na mia arobaini na tano. Yule binti aliitazama namba. Alisimama, akatoka, akaenda kuketi nyuma ya jiko la chuo mpaka jua likazama.

Tangu siku hiyo aliamka na kisasi na kulala nacho. Alikuwa mtu wa ibada, hakosi, na kila akisali alifika mahali pa kuwasamehe waliomkosea akaruka, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza. Alimwambia Mungu wazi: hapo nisubiri.

Yule daktari kijana alipanda cheo. Akawa bingwa wa figo, wakubwa kwa wadogo wakimwita Bingwa, na watu wakisafiri kwenda kumwona. Mama Kitanzi alikuwa akisikia sifa zake redioni na kuzima redio. Angeweza kumfuata hospitali akamwambia mbele za watu. Lakini Bingwa angejibu nini? Angesema, mama, pole, ni zamani, sikumbuki. Na watu wangemwona yeye ndiye mwenye wazimu. Hakutaka pole ya mtu asiyekumbuka. Alitaka jambo moja: mtu yule aseme kwa kinywa chake, mbele ya wanaojua, kwamba mtoto alikuwa na kiu ya kweli.

Ndipo mwaka ule mkuu wa chuo alipotangaza kwamba mtahini kutoka nje atakuwa Bingwa mwenyewe.

Chuo kilikuwa na desturi yake, wanaiita kuonja. Swali halipelekwi kwa wanafunzi kabla mtahini wa nje hajalionja. Anaketi na walimu wote, mtunzi anamsomea swali kipande kwa kipande, naye anajibu papo hapo kwa mdomo, bila kuliona kabla. Anachojibu kinaandikwa, na ndicho kinachokuwa jibu la kusahihishia. Mkuu alipenda kusema kwamba chakula asichokila mpishi hakipewi mgeni.

Zamu ya swali kuu ilikuwa ya moyo, si ya figo. Mama Kitanzi alimfuata mwalimu wa anatomia, mzee mrefu aliyekonda waliyemwita Mzee Mifupa, ambaye ndiye aliyepanga zamu.

"Mzee wangu, nipe nafasi ya moyo mwaka huu."

"Una nini na moyo? Mwakani ni figo."

"Mwakani sijui kama nitakuwepo."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Mzee Mifupa alimkodolea macho. "Mwanamke hajibu hivyo bila sababu. Haya, chukua. Lakini swali likiwa gumu wanafunzi watanilaani mimi."

Aliliandika swali kwa wiki kadhaa. Hakuongeza chumvi. Hakuweka neno moja ambalo halikutokea. Jina tu hakuliweka.

Siku ya kuonja, chumba cha mikutano kilikuwa cha moto, feni imekufa, madirisha yanatazama ukuta. Mama Kitanzi ndiye aliyeandaa meza. Aliweka karatasi, kalamu, vitambaa. Jagi la maji na bilauri aliviondoa, akaviweka juu ya kabati mwisho wa chumba, mahali pa kuonekana.

"Maji hayapo mezani?" Mzee Mifupa aliuliza akiingia.

"Mwaka jana yalimwagikia mitihani."

"Yalimwagika lini?"

"Keti, mzee."

Bingwa aliingia na mkuu wa chuo, mnene sasa, mvi zimempendeza, sauti yake nzito na ya upole. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Alipofika kwa Mama Kitanzi alisema, "Nimesikia sifa zako, mwalimu. Wanafunzi wako wanapofika kwangu wanajua figo kuliko madaktari." Akaupokea mkono wake. Mkono wa Mama Kitanzi ulikuwa baridi, naye hakuuona ubaridi huo. Hakumtambua. Angemtambuaje? Siku ile alikuwa binti mwenye kifurushi cha nguo, na daktari hakuwapo.

Mama Kitanzi akafungua karatasi, akasoma.

"Msichana wa umri wa kwenda shule amepata jeraha la kichwa. Baada ya siku chache anaanza kukojoa mkojo mwingi, mweupe, hauna sukari, na ana kiu isiyokatika. Sehemu ya kwanza. Eleza jinsi figo yenye afya inavyokoleza mkojo."

Bingwa alitabasamu. Hapo palikuwa nyumbani kwake. Alieleza kitanzi, mkono unaoshuka na kuachia maji, mkono unaopanda na kusukuma chumvi bila kuachia maji, na jinsi tofauti ndogo ya kila hatua inavyozidishwa mpaka ncha ya ndani ya figo inakuwa na chumvi mara nne ya damu. Hakusahau urea, ile taka ya mkojo inayosaidia kukoleza, wala mishipa midogo ya damu inayokwenda sambamba na kitanzi, nayo ikishuka na kupanda, ili damu ipite pale bila kuibeba chumvi yote na kuondoka nayo. "Watu wengi wanasahau mishipa hiyo," alisema. "Bila hiyo ungejenga ghala na kuacha mlango wazi."

Mzee Mifupa aliandika kwa kasi. Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sehemu ya pili. Kwa msichana huyu kimeharibika nini?"

"Kichwa kimegongwa. Tezi haitoi homoni, au shingo ya tezi hiyo imekatika. Milango ya mrija wa kukusanyia haifunguki. Mkojo uliokwisha kupunguzwa chumvi na mkono unaopanda unapita vivyo hivyo katikati ya chumvi, kama mtu anayepita sokoni mikono mfukoni. Insipidasi, ya kutoka ubongoni." Alijifuta jasho. "Lakini mwanafunzi mwerevu atasema, je, kama ni mtu wa kunywa maji ovyo tu, kwa tabia? Maana hata huyo hukojoa maji matupu. Tena akinywa sana kwa muda mrefu, ile chumvi ya ndani ya figo inaoshwa ikaisha, hata ukimpa homoni hakolezi vizuri mwanzoni. Swali lako lina mlango wa kutokea, mwalimu."

Mama Kitanzi aliugusa ukingo wa karatasi kwa kidole.

"Nimeufunga mlango huo kwenye sehemu ya tatu. Sodiamu ya damu yake ni mia hamsini na nne. Je, ni mnywaji wa tabia?"

"Ah." Bingwa aliinua mkono, kama mchezaji anayekubali bao. "Hapana. Hawezi kuwa. Anayekunywa kwa tabia huimiminia damu maji, sodiamu yake iko chini au kiwango cha chini cha kawaida. Ikiwa juu namna hii, ana kiu kwa sababu mwili wake umekauka. Kiu yake ni ya kweli."

"Naomba urudie, mzee anaandika."

"Kiu yake ni ya kweli," Bingwa alirudia, akimtazama Mzee Mifupa. Halafu akakohoa. "Jamani, hapa hakuna maji? Koo limekauka."

Mzee Mifupa alitaka kuinuka. Mama Kitanzi alimwekea mkono begani, taratibu, akamrudisha kitini.

"Ni tabia tu, daktari," alisema. "Itaisha ukijizuia."

Mkuu alicheka, akidhani ni utani. Bingwa naye alianza kucheka, na kicheko kikamwishia mdomoni. Alitazama lile jagi juu ya kabati. Alimtazama Mama Kitanzi, akamtazama vizuri, kama mtu anayetafuta sura ya mtoto katika sura ya mtu mzima.

"Sehemu ya nne," Mama Kitanzi alisoma, na sauti yake haikupanda. "Daktari anaamuru anyimwe maji, apewe kikombe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Anaondoka. Eleza yatakayompata mgonjwa. Kisha taja makosa ya daktari."

"Hilo la makosa mbona kali," mkuu alisema. "Lipunguze kidogo."

"Mtahini ndiye anayeonja," Mama Kitanzi alijibu. "Akiona halistahili, aseme."

Wote wakamgeukia Bingwa. Alikuwa amelegeza tai. Angeweza kusema halistahili. Neno moja tu, na karatasi ingechanika, na walimu wangekwenda kula. Mama Kitanzi alilijua hilo tangu mwanzo. Aliliacha makusudi. Kisasi chake hakikutaka mtu aliyefungwa kamba.

Bingwa akaanza kusema, akitazama meza.

"Figo zitaendelea kumwaga maji, hata asipokunywa. Milango imefungwa, hazijui kubana. Uzito utashuka. Sodiamu itapanda. Chembe za ubongo zitanyauka. Atachanganyikiwa, atalegea, atashikwa na degedege. Atakufa." Alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Makosa. Kumnyima mgonjwa maji ni kipimo halali, lakini anapimwa uzito kila saa, na kinasimamishwa uzito ukishuka. Hakumpima. Hakuacha mtu wa kumtazama. Na sodiamu ikiwa juu tayari, kipimo hicho hakifanywi kabisa. Hakungoja majibu ya damu. Dawa ya homoni ilikuwepo stoo, hata kama ni kidogo. Angemjaribu, mkojo ungekolea, ungejulikana. Na hata bila dawa, angemwachia mtoto maji yake anywe, angeishi."

Mzee Mifupa aliacha kuandika. "Swali linasema msichana, wewe umesema mtoto," alisema polepole. "Sawa, naandika mtoto."

"Kosa la kwanza kabisa," Bingwa alisema, "hakumwamini."

"Hiki kisa umekitoa wapi, mwalimu?" mkuu aliuliza. Hakuwa anacheka tena.

Mama Kitanzi alimwachia aliyekuwa na jibu.

"Wodini kwangu," Bingwa alisema.

Bingwa alimwelekea Mama Kitanzi. "Wewe ni nani kwake?"

"Dada yake. Nilikuwa mlangoni namba ilipotajwa."

"Nimekuwa nikimkumbuka. Nataka nikuambie..."

"Usiniambie," alisema. "Umeshajibu. Swali linapita au halipiti?"

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hili: kwamba mtu yule angekumbuka. Maneno ya pole alikuwa nayo tayari kinywani, yalikuwa yakimtoka machoni, na yeye Mama Kitanzi aliyaona na kuyazuia pale pale, kama kiganja juu ya kikombe. Aliona utamu wa kumnyima. Aliona pia ni utamu wa namna gani, lakini hakukiondoa kiganja.

"Linapita," Bingwa alisema. "Lisipunguzwe neno."

Akatia sahihi. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko alivyoingia. Alipita kando ya kabati, karibu kabisa na jagi, na hakulinyooshea mkono. Mzee Mifupa ndiye aliyemkimbilia koridoni na bilauri, maji yakimwagika, akarudi nayo haijaonjwa.

"Amekataa," alisema. Alimtazama Mama Kitanzi. "Mwosha huoshwa, najua. Lakini dada yangu, wewe nakuogopa leo."

"Na mimi pia," alisema, akaanza kukusanya kalamu.

Swali lile likaingia kwenye mtihani, na kwenye mitihani ya baadaye, na vijana waliotoka pale wakaenda wodini wakijua kumpima uzito mwenye kiu na kumwamini kwanza. Wao waliliita swali la msichana. Hawakujua kuwa alipenda kuimba akiosha vyombo.

Jioni ile Mama Kitanzi alikwenda kwa mama yake. Bibi yule alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini tangu mtoto wake afe hakuruhusu mtu yeyote aketi kwake bila kikombe cha maji mkononi kwanza. Hata mpita njia anayeuliza njia alipewa. Watu walizoea, wakasema ni ukarimu wa kizamani.

Alipewa kikombe. Akanywa, akakishika, akasimulia yote, taratibu, tangu kitanzi hadi sahihi.

"Amesema kiu yake ilikuwa ya kweli?" mama yake aliuliza.

"Amesema mara mbili, mama. Imeandikwa."

Bibi alitikisa kichwa, kwa muda. "Basi hakuwa na wazimu."

"Hakuwa nao."

"Na mimi ndiye niliyeshika kikombe."

Miaka yote Mama Kitanzi alipokuwa akiunoa upanga wake hakuwahi kutazama ulikoelekea upande wake wa pili. "Mama, wewe uliambiwa. Daktari alikuambia."

"Niliambiwa," bibi alisema. "Na mwanangu aliniomba. Wawili walisema, nikamsikia mmoja." Hakulia. Alikuwa ameyajua hayo kabla ya mtahini yeyote, na ndiyo maana ya vikombe vyote vile. Alinyoosha mkono, akapapasa goti la binti yake. "Umesema aliomba maji. Huyo daktari."

"Aliomba."

"Ulimpa?"

Mama Kitanzi aliangalia sakafu. Alifikiri kusema uongo, akaona aibu kumdanganya mama yake baada ya siku ya ukweli kama ile. "Sikumpa."

Nje mtu alikuwa akifunga duka, mnyororo ukilia kwenye chuma. Mama Kitanzi alingoja kukemewa, kama alivyokuwa akikemewa utotoni kwa kumnyima mwenzake kipande cha mkate.

"Vizuri," mama yake alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayesali, "Mungu anisamehe. Vizuri."

Akachukua kikombe kutoka mkononi mwa binti yake, akaenda kukijaza tena.